Jinsi ya Kukimbiza Gari kwa Mwendo wa Kobe

Yadi imeleta Harrier nyeusi, inataka tangazo lenye kasi, na barabara yote inayopatikana ina foleni. Usihofu. Tafuta vijana wawili wenye mabega, kipande cha lami tambarare kisicho na magari, na mpiga picha mwenye subira. Gari lizimwe injini, kwa sababu mtetemo wake huichezesha kamera, kisha lisukumwe taratibu.

Kamera hufungwa kwenye mwisho wa bomba refu, na bomba hushikizwa kwenye bodi kwa vikombe vya kunyonya. Kwa hiyo kamera na gari vinakwenda pamoja, na gari hubaki limetulia kwenye picha huku dunia nzima ikichirizika. Hesabu yake ni tamu. Mwendo wa kilomita 3 kwa saa, shata ikiachwa wazi sekunde 2, gari limesogea kama mita 1.67. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea umbali huohuo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Michirizi haiulizi umekwenda mbio kiasi gani, inauliza umesogea wapi mpaka wapi wakati shata iko wazi. Tairi nalo limekwisha kuzunguka karibu robo tatu, na spoku za rimu zimekuwa sahani moja laini. Piga alfajiri kabla jua halijachomoza, wakati mwanga ni hafifu na sekunde 2 haziichomi picha. Bomba litafutwa baadaye kwenye kompyuta.

Sasa ndipo kazi yako wewe mwandishi wa maelezo ya fundi wa kompyuta inapoanza, na hapa ndipo matangazo mengi huniuma roho. Unaona lami imechirizika, minazi nyuma imekuwa brashi ya kijani, lakini mlangoni mnazi umesimama wazi, unahesabika makuti. Hilo haliwezekani. Rangi nyeusi iliyopigwa polishi ni kioo, na kioo kinachotembea huonyesha mnazi unaopita. Mnazi ukichirizika barabarani, uchirizike na mlangoni.

Lakini si kila kitu kwenye rangi huchirizika. Upeo wa macho, ukiwa sambamba na barabara, huteleza juu ya njia yake wenyewe, kwa hiyo hubaki mstari mkali kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mstari mweupe usiokatika ni hivyohivyo, ilhali ule wa vipande hurefuka. Lami iliyo karibu na lenzi huchirizika sana, vilima vya mbali karibu havisogei. Ukiandika tu "mandhari yenye kasi," fundi wa kompyuta atapaka ukungu sawasawa kila mahali, na gari litaonekana limebandikwa juu ya zulia.

Andika hivi: "Boneti ionyeshe anga tupu, ng'avu mbele na ikififia kuelekea kioo. Mlangoni, upeo ukate mstari mmoja safi chini kidogo ya vitasa. Juu yake anga, na minazi iliyovutwa kwa ulalo mpaka isitambulike. Chini yake lami nyeusi. Rimu zizunguke. Mstari wa pembeni ubaki mkali." Mtu akisoma hapo anajua aweke nini wapi. Ukiandika "gari ling'ae kama almasi," atakuwekea vimulimuli kwenye bampa, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Kuhusu barabara yenyewe, kama mandhari inanunuliwa tayari, tazama magari ya mbali kwanza. Sisi tunaendesha kushoto. Nimeona tangazo ambalo gari lenye usukani wa kulia linapishana na lori upande usio wake, na mteja wa kwanza aliyelitazama alisema, "Hawa wanakwenda kugongana." Halafu tazama jua la mandhari liko upande gani. Kivuli cha chini ya gari kikielekea kwingine, hata asiyejua picha atahisi kuna kitu hakikai sawa.

Kabla hujalipia, kuza picha ukague mlango wa nyuma. Kinachotembea pamoja na gari hubaki kikali kwenye rangi kama gari lenyewe, na hilo ni bomba, na ni vijana wanaosukuma. Kwenye Harrier yetu tulikuta mtu wa fulana ya njano anaonekana wazi kabisa katikati ya michirizi ya minazi, ameinama, mdomo wazi kwa kuhema. Tukamwomba asukume akiwa nyuma ya buti, tukapiga tena.