Vidoti vya Injinia

Kuna watu walionyimwa vitenzi. Injinia aliyetuendeshea semina ya mabwawa ya mchanga ni mmoja wao. Aliongea vizuri, tukala muthokoi, akawasha gari kuelekea Wote na kutuachia flashi. Na kwa kuwa niliwahi kushika chaki, kamati ikakata shauri kwamba mimi ndiye nitakayeandika maelezo ya kusomewa mwethya kabla watu hawajashika sululu. Nikafungua slaidi. Ya kwanza: "Mwamba – muhimu." Ya pili: "Mabawa." Ya tatu: "35%." Ya nne: "Hatua kwa hatua!!"

Asilimia 35 ya nini? Labda ya maelezo aliyokusudia kutupa.

Mwamba na mabawa niliyamudu. Mtu yeyote wa Kitui au Makueni anaijua mito yetu wakati wa kiangazi: juu mchanga mtupu, maji yako chini yake. Ukuta ukikalia mchanga, maji hupenya chini ya msingi na kuuchota kidogo kidogo mpaka ukuta ubaki unaning'inia. Ndiyo maana nondo hupigwa kwa nyundo, hapa na pale kuvuka mto, hadi igonge jiwe. Mabawa nayo ni zile ncha za ukuta zinazoingizwa ndani ya kingo. Bila hizo mto uliofurika huzunguka ukuta, ukala ukingo na kujichimbia njia mpya, nanyi mkabaki na ukuta mzuri sana usiokuwa na mto. Sentensi chache tu, injinia! Zingekugharimu nini?

Shida ikaja kwenye 35%. Mweka hazina wetu, mama ambaye hajawahi kupotelewa na shilingi, alitaka hesabu. "Mwalimu, zidisha hapo." Tukazidisha. Ukuta wa mita 2, mto wenye upana wa mita 15, mteremko wa mita 1 katika kila mita 100. Mchanga utarudi nyuma mita 200, kina kikipungua kama kabari. Nusu ya 2 mara 200 mara 15 ni mita 3,000 za ujazo. Asilimia 35 ya hizo ni 1,050, yaani mitungi 52,500 ya lita 20. Mama akafunga daftari, tayari kwenda kutangaza kanisani.

Nikamzuia mlangoni. Hiyo 35 ni nafasi iliyo wazi kati ya chembe na chembe, na maji yanayoingia humo hayatoki yote, kwa sababu mengine hung'ang'ania chembe zenyewe. Katika mchanga wa chembe kubwa, yanayochoteka ni kama robo ya ujazo: mita 750, mitungi 37,500. Mitungi 15,000 ilikuwa imepotea ndani ya kidoti kimoja. Na hapo hatujamhesabu mwenye ng'ombe wa upande wa pili wa mto.

"Na kukijaa matope je?" akauliza, akirudi kuketi. Swali hilo ndilo lililofungua ile slaidi ya nne. Matope yana nafasi nyingi hata kuliko mchanga, lakini vijinafasi vyenyewe ni vidogo mno, na maji yakishaingia hayatoki. Unachimba kisima, unapata uji. Sasa, ukuta ukiinuliwa wote kwa mara moja, mafuriko hugeuka ziwa, maji yakatulia, matope yakatua. Ukiinuliwa kidogo, maji huuruka kwa kasi na matope huenda kwa majirani wa chini, mchanga mzito ukabaki. Ukishajaa unaongeza urefu, unangoja mvua nyingine. Haya yote kwa injinia ni "hatua kwa hatua" na alama mbili za mshangao, kana kwamba anafunza mtoto kutembea.

Wako wanaomaliza ukuta wote kwa msimu mmoja, lakini ni pale mto unapobeba mchanga mwingi wa chembe kubwa. Kujua mto wako ni wa aina gani, chota mchanga wa mtoni nusu chupa, ongeza maji, tikisa, weka chini. Mchanga hutua papo hapo, matope hufuata taratibu na kukaa juu yake kama krimu. Tabaka la matope likiwa nene, usiwe na haraka. Tulifanya hivyo juu ya meza ya kamati, na hakuna aliyehitaji projekta.

Maelezo yamefika kurasa sita. Imebaki slaidi ya mwisho, ambayo ina neno moja: "Punda." Mweka hazina anasema ni wa kubeba simiti. Mwenyekiti anasema ni wa kufukuzwa wasichafue mchanga tunakochota. Mimi nimempigia injinia, naye amenijibu kwa ujumbe: "Ndiyo."