Profesa Admin Amechapisha Tena

Katika tasnifu ninazosimamia, msomi anayenukuliwa kuliko wote ni Admin. Admin (2023) kaandika kuhusu mihogo, Admin (2024a) kuhusu kodi ya ardhi, Admin (2024b) kuhusu ndoa za utotoni. Mshindani wake ni Hajulikani, naye kalamu haikauki.

Juzi kanijia kijana na sura yake ya pili. Kanukuu ukurasa wa historia ya wilaya, wenye idadi ya kata, kutoka tovuti ya halmashauri moja ambayo nitaisitiri. Mwandishi: Admin. Mwaka: 2024.

"Mwanangu, huyu Admin ni nani?"

"Ndiye aliyepandisha ukurasa, Mwalimu."

Aliyepandisha! Kwa hesabu hiyo kila kitabu kingekuwa cha mpiga chapa. Ukurasa una mwenyewe, na mwenyewe ni halmashauri, kwa hiyo jina la halmashauri ndilo linalokaa mahali pa mwandishi. Ukikosa hata taasisi, kichwa cha ukurasa kinasogea mbele na kushika nafasi hiyo. Hivyo ndivyo APA, toleo la 7, wanavyotaka, na huyo Hajulikani wanamruhusu pale tu kazi yenyewe ilipotiwa saini hivyo.

"Na huu mwaka wa 2024 umeuokota wapi?"

Kauokota chini kabisa ya ukurasa, penye alama ya hakimiliki. Mwaka ule ni wa tovuti nzima, na mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari. Kuona sijaridhika, akanionyesha kwa furaha maandishi "Imehuishwa mwisho", na tarehe ilikuwa ya siku hiyohiyo, hadi dakika. Nikamwambia aufungue ukurasa upya. Dakika zikasogea. Tovuti nyingine hutumia amri hii:

```
document.lastModified
```

Seva isipotuma tarehe ya mabadiliko, kivinjari hujibu kwa saa ya sasa hivi. Kwa hiyo halmashauri ile "huhuisha" historia yake kila mtu anapoifungua, usiku na mchana, hata sikukuu. Bidii ya namna hiyo sijaiona kwenye barabara zao. Tukaandika (b.t.), yaani bila tarehe.

Sasa ndipo mzozo ulipoanza, kwa sababu nilipoufungua ukurasa kwenye simu yangu idadi ya kata haikuwa ile aliyoiandika. Ukurasa umebadilishwa kimyakimya, na msomaji hawezi kujua kijana alisoma nini. Tukaenda kwenye Wayback Machine, kule ambako nakala za kurasa huhifadhiwa. Bahati yake, kulikuwa na nakala yenye idadi yake. Akaikimbilia na kuandika (2024) mahali pa mwaka! Nikamrudisha. Tarehe ya nakala inaeleza siku ukurasa ulipohifadhiwa. Siku ulipoandikwa haiijui. Kwa hiyo (b.t.) inabaki, na kiungo kinakuwa cha nakala:

```
Halmashauri ya Wilaya. (b.t.). Historia ya wilaya.
https://web.archive.org/web/20240314223015/https://example.org/historia
```

Zile tarakimu 14 ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kwa saa za UTC. Hapa ni 14 Machi 2024, saa 22:30. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ilikuwa tayari tarehe 15, saa saba na nusu usiku. Ukiamua kuitaja tarehe hiyo katika maelezo, fuata UTC kwa nakala zote, usichanganye na saa ya ukutani. Na uifungue nakala kabla ya kuinukuu, maana nyingine zimehifadhi kwa uaminifu mkubwa tangazo la "ukurasa haupatikani".

"Na tarehe niliyosoma je, Mwalimu?"

Kwa APA, huiweki ukishanukuu nakala iliyohifadhiwa, kwa sababu nakala haibadiliki. Unaiweka kwa ukurasa hai unaobadilikabadilika usio na nakala. Chicago wao huitaka pale ukurasa unapokosa tarehe, na MLA huiachia hiari. Chagua mtindo mmoja uufuate hadi ukurasa wa mwisho. Huyu wangu kaichezesha orodha kwa marefa watatu: huku "ilisomwa", kule "ilipatikana", pengine kimya. Kuna 3/4/2024 ambayo sijui ni Aprili au Machi, ndiyo maana namtaka aandike mwezi kwa jina. Na vyanzo vingine vyote vyenye tarehe ya kusoma vilisomwa siku moja, siku ileile aliyoniletea sura. Tarehe ya kusoma huandikwa siku ya kusoma, na siku hiyohiyo ndiyo ya kubofya Save Page Now, kabla halmashauri haijazidisha kata.

Kijana alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama anaweza kuninukuu mimi, kwa kuwa angalau nina jina. Tarehe, alisema, ataweka ya leo.