Barua ya Adabu Iliyoninyima Fao

Nilipoajiriwa katika kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa mkurugenzi wake hata leo hunisalimu kwa taadhima, nilipewa fomu ya kujiunga na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nikaijaza jina, namba ya kitambulisho na orodha ya wategemezi, orodha iliyozusha fitina nyumbani, maana shangazi yangu alitaka aelezwe kwa nini hakutajwa ilhali ndiye aliyenilea. Tangu hapo, katika mshahara wangu wa shilingi 600,000 zikawa zikikatwa 60,000 kila mwezi, na mwajiri akiongeza 60,000 zake.

Miaka ikapita, biashara ikadorora, idara yetu ikafungwa. Mkurugenzi wetu, muungwana wa kupindukia, akaona haya kuandika kwamba amenipunguza kazini, akihofu kunifedhehesha mbele ya waajiri wa baadaye; basi akaandika kwamba nimeamua kwa hiari yangu kuwaaga, nao wananiombea kila la heri. Wallahi ilikuwa barua tamu, na nilipoisoma karibu nitokwe na machozi.

Binti wa dirishani kwenye Mfuko hakulia. Aliisoma hadi mwisho, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Baba, hapa imeandikwa umeacha kazi mwenyewe. Fao la kukosa ajira halilipwi kwa aliyeacha kwa hiari."

"Hiyo ni adabu tu, mwanangu."

"Naielewa, baba, lakini fomu haina mahali pa adabu."

Na hakika alikuwa na haki, kwani kwa kanuni ilivyo, fao hilo ni la mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, kisha ajira ikamkoma pasipo ridhaa yake. Huyo hupewa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, yaani mimi nipate shilingi 199,800 kila mwezi. Miezi ya kuchangia nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni kukataliwa kwa maandishi.

Nikarejea kwa mkurugenzi kumwomba, kwa unyenyekevu wote, aniandikie kwamba hanihitaji.

"Astaghfirullahi!" akasema. "Nikufanyie dhuluma hiyo, ndugu yangu?"

Ilibidi tunywe kahawa na kuzungumza mpaka adhuhuri ndipo akakubali kuandika kwamba nafasi yangu imefutwa kwa sababu ya hali ya biashara, na hata hapo alitaka kutia chini neno moja la shukrani, nikamshika mkono.

Barua hiyo kavu ilipokewa bila swali, na fedha zikalipwa.

Basi wewe msomaji unayekabidhiwa barua ya kuagwa baada ya kupunguzwa, itazame kwanza kama neno "hiari" limo, na likiwamo, mrudishie mwandishi wake kabla hujalifikia dirisha la Mfuko.