Kikao cha Mshale, Kwihara

Shangazi yangu wa Tabora haamini kipimo kisichotoa damu. Tangu nibandike kihisio cha sukari mkononi, amejiteua mkaguzi wangu: ananipora simu, anasoma namba, kisha anatoa hukumu kwa sauti ya dalali mnadani.

Baada ya ugali wa mchana tulitembea na Mjomba na binamu kwenda Tembe la Livingstone, Kwihara. "Tano nukta nne!" akatangaza. "Hongera, leo huumwi."

Namba ilikuwa nzuri kweli, ila mshale ulio kando yake ulisimama wima, ncha chini. Kwenye kihisio changu hiyo ina maana kwamba sukari inashuka zaidi ya 0.1 mmol/L kila dakika. Ndani ya robo saa 5.4 ingefika 3.9 au chini yake, na huko ndiko mikono huanza kutetemeka. Mshale ungekuwa umelala, ningeendelea na safari. Lakini huu ulikuwa wima, insulini ya ugali bado inafanya kazi, na miguu nayo inachoma sukari.

Nikalamba kijiko kimoja kikubwa cha asali, yapata gramu 17 za sukari, nikakaa chini ya mwembe nisubiri dakika 15.

Dakika ya nane simu ikasema 4.4, mshale bado chini. "Asali imegoma!" Shangazi akapiga mbiu. Akashika dumu lote la asali. Mjomba akapendekeza soda, na binamu akaanza kumenya embe.

Nikawaeleza: kihisio hakipimi damu, hupima majimaji yaliyo kati ya seli, na habari za damu hufika huko zikiwa zimechelewa dakika kadhaa. Nikiongeza kitamu sasa, baadaye sukari itapaa. "Hapa hapa Kwihara," nikasema, "mwaka 1872 Livingstone alisubiri wapagazi na shehena kutoka pwani tangu Machi hadi Agosti. Mimi naomba dakika saba tu."

"Na baada ya kusubiri ikawaje?" akauliza Shangazi. "Si alikufa mwaka uliofuata!"

Dakika hizo saba zilipotimia, nikanawa asali vidoleni, nikajichoma: damu 5.6, wakati simu bado inasema 4.2 na mshale wa mshazari. Baada ya muda simu nayo ikafika 5.3, mshale umelala.

Wakati huo Mjomba, kwa kunihurumia, alikuwa amemaliza soda na embe. Shangazi akaamuru naye apimwe. Sindano mpya, tone la damu: 17.8! Vilio vikaanza. Nikamtuma akanawe mikono kwa sabuni, maana kidole chenye embe hupima embe. Mara ya pili: 9.1.

"Inapanda au inashuka?" Shangazi akauliza, akigeuza kipimo huku na huku. "Mshale wake uko wapi?"

"Hiki hakina mshale, Shangazi."

Akakirudisha kwenye mfuko wake kwa dharau. "Basi hiki ni kipimo gani?"