Namna ya Kufunga Nyumba ya Pwani Ukiwa Itumba

Kwanza iweke mbali kalenda ya Itumba. Huku Ileje mvua huanza Novemba na kuaga Aprili. Mwezi wa tano mahindi yanakauka shambani, anga ni jeupe, na Juni baridi inatufungia ndani. Pwani ya Tanga masika huingia Machi, hushika kasi Aprili na kumwaga hadi Mei. Kwa hiyo siku zile unazoota jua la asubuhi mbele ya nyumba yako hapa mlimani, nyumba yako ya Pangani inanyeshewa. Ukiisimamia kwa kuangalia dirisha lako la Itumba, utaiua.

Nayasema haya kwa sababu mwaka wa kwanza nilifanya hivyo. Nyumba ni ya upande wa mke wangu, vyumba vitatu karibu na bahari, kusini mwa mto Pangani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, paa la makuti. Baba mkwe alipozeeka alitukabidhi tuwapangishe wageni wa mapumziko. Wageni wa mwisho walipoondoka mwishoni mwa Machi niliifunga kama ninavyofunga ghala la mahindi: kila dirisha komeo, magodoro nimeyavisha mifuko ya nailoni, makabati nimeyatia ufunguo, friji nimeizima na kuibana mlango. Nikasafiri siku mbili kurudi, Tanga, Segera, Chalinze, kisha barabara kuu mpaka huku kwetu, nikiwa na amani.

Juni nilipofungua, magodoro yalikuwa na madoa meusi ndani ya ile nailoni. Mashuka yalinuka koga. Bawaba za dirisha la baharini zilikatika mkononi. Friji sitaielezea. Hakuna mwizi aliyeingia. Uharibifu wote ulifanywa na hewa niliyoifungia ndani.

Hilo ndilo la kuelewa kabla ya kununua kufuli. Itumba nyumba iliyofungwa miezi miwili hushika vumbi na utando wa buibui. Pwani hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi ina tabia ya kunywa maji. Unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuyavuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Chembe zilizotua juu ya bawaba, nondo za dirisha na nyaya za nyuma ya friji hugeuka tone la maji ya chumvi, na chuma hakina adui mkubwa kuliko hilo. Ndani ya godoro, kabati na nguo zilizokunjwa, unyevu huohuo ukikosa upepo wa kuuondoa huzaa koga. Nailoni haikuzuia unyevu kuingia. Ulikuwemo tayari nilipofunga, nami nikauwekea mlango.

Kwa hiyo nyumba ya pwani hufungwa ili ipumue. Hizi ndizo hatua zetu, na sisi huzianza wiki moja baada ya mgeni wa mwisho.

Osha chumvi kabla ya kitu kingine. Chukua ndoo ya maji baridi yasiyo ya chumvi na kitambaa, pita kwenye kila chuma: bawaba, makomeo, nondo, vitasa, miguu ya vitanda, jiko la gesi. Kausha siku hiyohiyo kwa jua, kisha paka mafuta, hata ya mashine ya cherehani. Usikubali fundi apake rangi juu ya chuma ambacho hakijaoshwa. Rangi itang'aa mbele yako, na chini yake kutu itaendelea kula. Baada ya miezi michache utaiona inavimba kama malengelenge.

Kisha paa. Ingia ndani saa sita mchana, funga madirisha, simama gizani dakika tano mpaka macho yazoee, halafu tazama juu. Nukta ndogondogo za mwanga zilizotawanyika hazitishi, kwani makuti yakilowa huvimba na kujibana, na maji huteremka kama mwinuko wa paa ni mkali, wa nyuzi 45 hivi. Kinachotisha ni mstari wa mwanga, au mwanga penye mgongo wa paa, pale pande mbili zinapokutana. Hapo ndipo panapovuja kwanza. Mwite fundi kabla masika hayajashika kasi, na mwambie unataka makuti ya viungo, yale yanayoshonwa kwenye ufito. Makuti ya kumba ni mazuri kwa ua na yatakusumbua juu ya kichwa cha mgeni. Kama kuna tawi la mti limelalia paa, likate. Kivuli chake ulikipenda Januari, lakini Mei kinazuia makuti kukauka kati ya mvua na mvua, na makuti yasiyokauka huoza.

Ukuta nao usiguswe kwa saruji. Sisi tuliletewa fundi aliyeziba nyufa za matumbawe kwa saruji safi, kazi ikapendeza. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyarudisha hewani. Saruji ikaziba njia ya kurudi, maji yakatafuta upenyo kando yake, na msimu uliofuata plasta ikabanduka vipande vikubwa kama sahani. Tumerudi kwenye chokaa.

Ndani, simamisha magodoro kwa ubavu, yasiguse ukuta. Acha milango ya makabati wazi. Friji ioshwe, ikaushwe, mlango uwekewe kijiti usijifunge. Mashuka yetu siku hizi hayabaki pwani kabisa. Yanapanda basi na kulala Itumba, ambako miezi ya Mei hadi Agosti hewa ni kavu kuliko kabati lolote la Pangani.

Halafu choo na masinki. Chini ya kila tundu la maji machafu bomba limekunjwa ili maji kidogo yabaki pale na kuzuia harufu na mende wa shimoni. Nyumba ikikaa bila mtu maji hayo hukauka, na mgeni wa Juni hukaribishwa na harufu ambayo ataisimulia mpaka Arusha. Mwaga kikombe cha maji kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kuchelewesha maji kukauka.

Yote haya hayatoshi kama hakuna mkono wa kufungua madirisha. Mlinzi wetu ni mzee wa palepale, na ndiye aliyenifundisha saa. Siku isiyo na mvua hufungua saa nne asubuhi, jua likishaukausha umande, na hufunga saa kumi jioni, kabla unyevu haujarudi. Mwanzoni nilimtaka afungue alfajiri ili nyumba ipate hewa safi. "Baba, hiyo ya alfajiri ni maji," aliniambia. Alikuwa sahihi: usiku na alfajiri ndipo hewa ya pwani inapolowa zaidi.

Ili nisimsumbue kwa maswali nisiyoweza kuyahakiki kutoka huku, tulikubaliana kipimo. Kila chumba kina kisahani chenye vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, kimewekwa ndani ya kabati. Asubuhi za Aprili chumvi italowa, hilo halina dawa. Swali ni kama saa kumi jioni imeshikana na kukauka. Ikikauka, chumba kimepumua. Ikibaki majimaji siku tatu mfululizo ingawa madirisha yalifunguliwa, basi kuna mahali maji yanaingia: paa, ukuta au bomba. Mwaka jana chumba cha kati kilikataa kukauka wakati viwili vya pembeni vimekauka. Mzee alisogeza kabati akakuta ukuta umelowa mpaka kiunoni. Kiungo cha bomba la tangi kilikuwa kinachuruzika nje. Kubadilisha kiungo ilikuwa kazi ya saa moja. Tungengoja Juni, tungebandua plasta ya chumba kizima.

Sasa fedha, maana hapa ndipo nyumba nyingi za wageni hufia, na hufia mwezi wa nane zikiwa zimejaa. Mwenye nyumba anaona fedha za Julai na Agosti anadhani ni zake. Sisi tulikaa na mke wangu tukapiga hesabu ya mwaka mmoja. Tulipata siku 96 za wageni, nyingi zikiwa Juni hadi Septemba, na Desemba hadi mwanzo wa Januari. Miezi mitano ilikuwa mitupu au karibu na mitupu. Kila mwezi mtupu hutumia shilingi 350,000: mshahara wa mlinzi, umeme, maji, mafuta na chokaa. Mara tano ni 1,750,000. Paa la makuti kwetu hugharimu 3,600,000 na tunalipangia miaka sita, yaani 600,000 kwa mwaka. Jumla 2,350,000. Gawa kwa siku 96, unapata 24,500 hivi. Kwa hiyo katika kila usiku tunaolipwa 120,000, shilingi 25,000 huingia akaunti nyingine siku hiyohiyo. Hatukopi kutoka humo hata kwa mbolea. Mlinzi asiyelipwa Aprili hatafungua dirisha Aprili, nami sina haki ya kumlaumu.

Utaulizwa kuhusu Pasaka. Huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo miaka mingine wageni wanakuja kabla mvua haijakolea na mingine katikati yake. Mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20. 2026 ni Aprili 5. Sisi tumeamua: Pasaka ya mwanzo tunapokea, kisha tunafunga. Ikichelewa tunafunga kabla, maana kuifunga nyumba, kuifungua kwa siku nne za mvua na kuifunga tena kunakula faida yote. Idd el-Fitri nayo husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka, kwa hiyo iandike upya kwenye kalenda kila Januari.

Wiki ya mwisho ya Mei nashuka mwenyewe. Nafungua madirisha, kisha kila bomba na kila bafu, maji yanatiririka dakika tano huku mimi nimetoka nje. Maji yaliyolala kwenye bomba miezi miwili katika joto lile yanaweza kufuga bakteria wa lejionela, ambao mtu huwavuta kwa matone madogo ya maji ya bafu yanayoelea hewani na kuugua mapafu. Baadaye natembeza tochi chini ya milango na kwenye boriti kutafuta njia za udongo za mchwa, naosha chumvi mara nyingine, nalaza magodoro juani.

Usiku nalala kwenye chumba cha wageni, kitanda kilekile, shuka lililotoka Itumba. Naoga kwenye bafu lao, nafunga dirisha lao, nasikiliza paa. Mvua za mwisho za Mei mara nyingi bado zipo, na tone likiangukia mguu wangu saa nane usiku, nawasha taa, natia alama kwa chaki mahali lilipotua, nasogeza kitanda. Asubuhi fundi wa makuti anaanzia hapo.