Kabla Geti Halijafunguka: Tuhesabu Kutoka Nne Hadi Moja

4. Punguza taa, shusha kioo
Ukifika getini na gari usiku, mlinzi anataka kuuona uso wako, nawe unammulika machoni. Atakufunguliaje mtu asiyemwona? Punguza taa za mbele, washa ya ndani, shusha kioo mpaka chini, kisha umwambie, "Habari za lindo?" Honi iache. Hakuna honi iliyowahi kuitikiwa "marahaba."

3. Simu mfukoni
Ukisalimia huku umebana simu begani, mpokezi hajui salamu ni yake au ya huyo wa hewani. Mwache huyo wa hewani asubiri. Yeye hana ufunguo.

2. Daftari lina maswali yake
Jina, unakotoka, unayemwona, shughuli, namba ya simu, muda wa kuingia. Majibu uje nayo, na kitambulisho kiwe mkononi, si chini ya begi. Halafu hiyo "bosi ananijua" imeze kabisa. Mlinzi akikupitisha kwa neno hilo, bosi akaja kukukana, kibarua kitakachoota nyasi ni cha mlinzi. Wewe utarudi nyumbani kula.

1. Salamu kwanza, shida baadaye
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chukua ofisi moja ya ghorofani pale Posta, Dar es Salaam, saa 3:40 asubuhi. Mlinzi ni mzee wa mvi, mgeni ni kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole na kazi."

"Tumeshapoa, mwanangu. Nikusaidie nini?"

Umeona? Swali limetoka kwake. Ukilitanguliza lako kabla ya "marahaba" kwisha, umemkatisha mzee, na kalamu ya daftari inaweza ghafla kuwa ngumu kupatikana. Sasa ndipo useme: "Nina miadi saa 4 na mama wa uhasibu, ghorofa ya tatu." Mzee anapiga simu juu akiwa na la kusema: nani, kwa nani, saa ngapi.

Huko juu mapokezi kakaa binti wa rika lako. Shikamoo hapo itamzeesha, "Habari za kazi, dada?" inatosha, naye atakuonyesha kiti. "Mrembo" na "mpenzi" waachie wenye kadi za harusi.

Salamu haimleti mtu aliyesafiri, hilo nikubali. Mwenyeji akiwa hayupo, hayupo. Ila mlinzi aliyefokewa atakwambia "hayupo" na kugeukia gari linalofuata. Yule uliyempa shikamoo yake ataongeza: "Ametoka kwenda benki, mwanangu. Njoo saa 8, akishakula huwa hatoki tena."