Mwongozo wa Kuipeleka Shahada Yako Kanada Bila Kumharakisha Mtu

Kwanza kabisa, tambua kwamba hukusoma pale unapodhani ulisoma. Tuseme wewe ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata huko Rungwe. Miaka mitatu ulikaa Mkwawa, ukapigwa na upepo wa Iringa mpaka midomo ikapasuka. Shahada yako haina habari na mateso hayo. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, na jina lililo kichwani mwa karatasi ni la Dar es Salaam. Ukijaza fomu ya watathmini wa shahada kwa jina la Mkwawa peke yake, karatasi zinasema hivi na fomu inasema vile, na maswali yanaanza. Kumjua mwenye shahada yako ni kazi ya dakika tano, au ya mwezi mzima kwa wale waanzao kwa kuulizia Iringa. Jirani yako aliyemaliza Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Mbeya kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2012 ana zamu yake ya kumweleza mzungu kwamba taasisi ile haikufa, ilikua tu.

Pili, panga majina yako. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, na pasipoti imeanza na la babu. Kwetu ni mtu yuleyule, hata karani anakufahamu kwa sura. Huko ughaibuni ni watu watatu, na wawili kati yao wanashukiwa. Wakili wa Mbeya mjini atakuandalia hati ya kiapo siku hiyohiyo, chai ikiwa bado ya moto. Lakini kama jina limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hapo usipange safari ya mwezi ujao.

Tatu ni tafsiri, na hapa furahi, kwa sababu haihitajiki. Shahada na transkripti vimeandikwa kwa Kiingereza, na Kanada inakisoma. Muda: siku sifuri. Hata hivyo watatokea watu wema wa kukutafsiria kwa malipo kutoka Kiingereza kwenda Kiingereza. Wakatalie kwa adabu. Barua ya Kiswahili ndiyo ya kupeleka BAKITA, ikatafsiriwe na kugongwa muhuri.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani bahasha. WES, shirika la tathmini linalotumiwa na wengi wanaohamia Kanada, halitaki transkripti kutoka mkononi mwako, hata ungeipeleka umevaa joho. Linataka itoke kwa msajili wa chuo moja kwa moja, ama kwa njia ya mtandao inayokubalika, ama ndani ya bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri juu ya mdomo wake. Ndani iwemo fomu yenye namba yako ya kumbukumbu ya WES. Bahasha isiyo na namba hiyo ni yatima: itafika, itapokelewa, na hakuna atakayejua ni ya nani. Ukiifungua kidogo tu, uhakikishe alama zako, umeiua.

Muda wa hatua hii hauandikwi popote kwa sababu unategemea muhuri, na muhuri unategemea mtu, na mtu yuko semina. Utakilipa chuo kwa kumbukumbu namba, dakika mbili tu. Kisha utaambiwa mfumo haujasoma malipo. Kisha umesoma, ila aliyeanza kulishughulikia faili lako amekwenda likizo. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 800, basi la alfajiri linakufikisha usiku, kwa hiyo usipande kwa sababu simu imepokelewa. Panda ukishaambiwa kuwa bahasha imeshafungwa.

WES nao watakutangazia muda wa kutoa ripoti, nawe utaanza kuhesabu tangu ulipolipa. Kosa. Saa yao haigongi mpaka nyaraka zote ziwe zimepokelewa na kukubaliwa. Ndiyo maana usikimbilie mtihani wa Kiingereza mwanzoni. Tathmini kwa ajili ya uhamiaji hudumu miaka 5, matokeo ya IELTS miaka 2 tu. Anayefanya mtihani kwanza ili asonge mbele hujikuta akiwa na Kiingereza kilichokwisha muda huku shahada bado iko njiani.

Siku ripoti itakapofika, chinja kuku. Halafu soma kwa makini inasema nini: inakusaidia kuhamia, haikupi darasa. Ukitaka kufundisha Ontario utaomba leseni katika baraza la walimu la huko, nao wana faili lao na utaratibu wao. Jambo la kwanza watakaloliomba ni transkripti, itumwe moja kwa moja na chuo.